Daftari likinenepa

Mwaka jana duka langu lilikufa, na halikufa kwa kukosa wateja. Lilikufa kwa neno "niandikie". Nusu kilo ya sukari, niandikie. Sabuni mche mmoja, niandikie. Siku nilipotaka kwenda kuchukua mzigo wa jumla, daftari lilikuwa limejaa hadi jalada la nyuma, na kwenye rafu zimebaki njiti za kiberiti na pakiti mbili za chumvi.

Nilitaka hilo funzo nilibane liwe sentensi moja. Ya kwanza ilikuwa "Kukopesha sana hufilisi duka". Kweli tupu, lakini huoni kitu, ni kama tangazo la benki. Nikajaribu "Deni ni mzigo", nayo kila mtu kashaisema. Basi nikaacha kutafuta hekima, nikakumbuka nilichokiona asubuhi ile: daftari na rafu. Kimoja kinajaa, kingine kinaisha. Nikaandika:

"Daftari likinenepa, rafu hukonda."

Neno "deni" limetoka lenyewe, wala sikulihitaji. Ile -ki- na hu- ndizo zinazoipa mwendo wa methali. Niliwahi kuongeza "na mwenye duka hulia", nikaifuta, maana hapo nilikuwa naeleza mzaha.

Nikamjaribia shangazi bila kumfafanulia. Akacheka mpaka akashika mbavu, akageuka kuitazama rafu ya genge lake. Kisha jirani akapita kuchukua nyanya za mia tano.

"Shangazi, niandikie."

Akaandika.