"Kwani nimeuzwa pamoja na rafu?"

Harusi ya Mwanaisha imepita salama, na Baba ametoka hospitali. Lakini mimi bado niko Jumanne, mwenye nyumba alipoisoma hadi mwisho barua yangu ya kuomba aliyenunua duka langu achukue upangaji, akavua miwani, akaniambia: "Kwani na mimi nimeuzwa pamoja na rafu?"

Sikumjibu. Tangu hapo namjibu kila nikiosha vyombo. Mzee, nilichouza ni vitambaa, cherehani na jina la duka. Chumba ni chako, ndiyo maana nikakuandikia.

Na barua ile niliihangaikia! Nilitaja mkataba wetu wa miaka mitano na miezi mitatu. (Ile mitatu ya juu wenye nyumba wengi hapa Kenya huitia makusudi, maana mkataba usiozidi miaka mitano humpa mpangaji wa duka ulinzi wa sheria ya wapangaji wa maduka, Sura ya 301.) Nikataja kifungu kinachonizuia kumhamishia mtu upangaji bila idhini yake ya maandishi, na kinachomzuia yeye kuninyima bila sababu ya maana. Nikaomba mnunuzi achukue muda uliobaki, kwa kodi ileile na kazi ileile. Nikaambatisha taarifa zake za benki na barua ya mwenye nyumba wake wa Likoni kwamba hulipa bila kusukumwa. Amana ibaki palepale, mnunuzi anirudishie mimi. Gharama za wakili wa mzee juu yetu. Na kwamba kijana huyo mnunuzi hajashika ufunguo, kwa sababu akiingia kabla ya idhini, aliyevunja mkataba ni mimi.

Yote hayo, naye akauliza: "Huyo ni mtoto wa nani?"

Nilitoka pale nimefura. Usiku nikamsimulia Dada Zuhura, akacheka hadi akakohoa. "Anataka kujua akikosa kodi amfuate nani," akasema. Basi nami nikacheka. Kumbe swali lilikuwa la dhamana, na hilo barua yangu haikuligusa.

Jana nikarudi. Alitaka nimdhamini kijana hadi mkataba uishe. Nikakataa: nitakuwa Voi na kuku wangu, huku nadaiwa kodi ya duka ambalo hata ufunguo sina? Nikampa mwaka wa kwanza, kodi tu, bila marekebisho wala uharibifu, na lazima aniarifu mwezi wa kwanza kijana akichelewa, asilimbikize deni kisha aniletee lote. Akanyamaza, kisha akasema wakili wake aliandike. Hakuniomba gudwili ya kutia sahihi, na kwa mtaa wetu huo ni uungwana.

Sahihi bado. Mpaka niione kwenye karatasi, pesa za mnunuzi zinakaa kwa wakili.

Salim naye tangu arudi madrasa leo hataki kula, na hasemi kuna nini.