Kulinganisha mkono wa kitasa kwa picha ya simu

Mteja wa Kondele alinitumia picha ya mkono wa kitasa uliovunjika, akataka nimnunulie mwingine mjini Kisumu kabla sijafika kwake. Picha ilikuwa safi, ila haikuwa na kipimo chochote, na mikono yenye bamba refu hufanana sana kwa macho.

Kinachoitenganisha ni umbali kutoka katikati ya tundu la chuma cha mraba kinachozungushwa na mkono hadi katikati ya duara la tundu la ufunguo. Kwa vitasa vya ufunguo wa shina refu, mara nyingi ni milimita 57. Vya silinda mara nyingi ni 72. Ukikosea, mkono utaingia vizuri na kuzunguka, lakini ufunguo utagonga bamba. Usijaribu kutanua tundu kwa tupa, kwani bamba litachubuka rangi na tundu jipya litaonekana.

Nikamwomba apige picha upya, kadi ya benki ikiwa imesimama wima kando ya bamba, imegusana bapa na uso wa mlango. Upande mrefu wa kadi ni milimita 85.6 kila mahali. Kusimama wima ni muhimu: simu ikiinama kidogo, urefu wa kadi na ule wa bamba hupungua pamoja, kwa hiyo uwiano haupotei sana. Kadi ikishikwa mbele ya mlango huonekana kubwa kuliko ilivyo, na hesabu hutoka ndogo.

Kwenye kioo cha simu nilipima kwa rula: kadi milimita 43, umbali wa matundu 28.5. Gawanya 28.5 kwa 43, zidisha kwa 85.6, unapata karibu 57. Bamba zima lilikuwa 76 kwenye kioo, yaani karibu milimita 151.

Rangi ndiyo iliyonisumbua zaidi. Kwenye picha bamba lilikuwa la manjano kama shaba, lakini lilipigwa chini ya balbu ya mwanga wa manjano. Nikamwambia aweke karatasi nyeupe kando yake, mchana, karibu na dirisha. Karatasi ikatoka nyeupe, na bamba likatoka fedha. Kisha akaweka kidole karibu na bamba: taswira yake ndani ya bamba ilionekana hafifu, kama ukungu. Kwa hiyo ilikuwa kromu isiyong'aa, si ile inayong'aa kama kioo cha kujitazamia.

Dukani muuzaji alinipa mkono wa rangi hiyo hiyo, akasema, "Fundi, huu ni ule ule." Nikapima: matundu 57, sawa, ila bamba lilikuwa milimita 130. Ungeacha ukanda wa mbao isiyopakwa rangi na matundu ya skrubu ya zamani wazi. Nikaurudisha, nikachukua wa 152, kisha nikaingiza chuma cha mraba cha milimita 8 humo humo dukani nione kama hakichezi.