Kwa nini namba ya mzigo ni ndefu vile

Kwenye ripo yetu kuna folda inaitwa `docs/adr`, yaani rekodi za maamuzi ya usanifu, na wengi wakiingia mara ya kwanza wanaipita kwa vile ndani yake hamna kodi, ni vifaili vya maandishi tu vimepangwa kwa namba, 0001, 0002, mpaka saa hizi tumefika 0011. Kila kifaili kimebeba uamuzi mmoja wa jinsi mfumo ulivyojengwa. Mtindo wenyewe si wetu, aliueleza Michael Nygard mwaka 2011, na umbo lake ni dogo: kichwa, hali ya uamuzi, mazingira yaliyokuwepo, uamuzi wenyewe, na matokeo yake mazuri na mabaya. Ukurasa mmoja au miwili, basi. Sisi tumeongezea kipande cha "njia tulizoziacha", na mie hicho ndo nakithamini kuliko vyote, wiki hii nimeona tena kwa nini.

Mfumo wetu ni wa mizigo inayokwenda na boti baina ya Unguja na Pemba. Kuna kaunta Malindi upande wa Unguja, kuna kaunta Mkoani upande wa Pemba, mtu analeta boksi lake, karani anasajili, anatoa risiti, mzigo unapanda. Kila kaunta ina kompyuta yenye databesi yake ndogo ya SQLite na huku kwenye sava kuna PostgreSQL, mtandao ukiwepo data zinapandishwa, usipokuwepo zinasubiri. Sasa tumempata kijana mpya kwenye timu, hodari kwelikweli, katoka Bara, na mapema tu akaja na swali lililomkera: mbona kila mzigo una UUID, kitambulisho cha herufi, tarakimu na vistari 36 kwa jumla, wakati namba ya kawaida, 1, 2, 3, ingetosha? Akasema yeye ataibadilisha, kazi ya siku mbili tu.

Swali la haki kabisa. Ukiangalia kodi peke yake ile UUID inaonekana kama mbwembwe za mtu aliyesoma kitu kipya akataka kukijaribu. Na yeye alifanya anachofanya kila mtu, akapiga `git blame` kwenye ule mstari, akapata komiti inayosema "nimepanga mistari upya", kwa sababu kuna wakati tulipitisha fomata kwenye ripo nzima na kila mstari ukachukua alama ya komiti ile. Akarudi nyuma zaidi akaikuta komiti ya asili, nayo inasema "vitambulisho vya mizigo". Hapo ujue komiti inakwambia nini kimebadilika na lini. Kwa nini njia nyingine zikaachwa haikwambii, na hata ujumbe wa komiti ukiandikwa vizuri nani atauchimbua miaka ikishapita?

Juu ya faili lile la kodi tulikuwa tumeacha komenti ya mstari mmoja tu, `-- angalia docs/adr/0004`, ndo iliyompeleka. Nanukuu mwanzo wake:

```
# 0004. Kitambulisho cha mzigo kinatengenezwa kaunta

Hali: Imekubaliwa

## Mazingira
Kaunta hukatikiwa na mtandao, na boti haisubiri.
Karani lazima atoe risiti hata sava isipopatikana.

## Uamuzi
UUID v4, inatengenezwa kwenye kompyuta ya kaunta.
```

Khalafu zinafuata njia tulizoziacha. Ya kwanza ndo ile ile ya kijana, namba ya mfululizo inayotolewa na sava, ikaachwa kwa sababu mtandao ukikatika hakuna namba, na bila namba hakuna risiti, na mtu hawezi kuacha mzigo wake bila risiti. Ukisema basi kila kaunta ijihesabie yenyewe, Malindi itatoa 418 na Mkoani nayo itatoa 418, na siku mtandao ukirudi ni mizigo miwili yenye jina moja.

Njia ya pili ndo tamu zaidi, maana mtu mwenye akili ataifikia mwenyewe akidhani wenzake hawakuiona: kila kaunta ipewe fungu lake, Malindi kuanzia 1 mpaka 10,000, Mkoani kuanzia 10,001 na kuendelea. Inafanya kazi vizuri tu mpaka siku kompyuta ya kaunta inapoharibika na mtu anarudisha nakala ya databesi ya juzi. Hesabu nayo inarudi juzi, na namba zilizokwishatolewa jana kwa wateja zinatolewa tena leo. Mbaya zaidi hakuna kinachopiga kelele pale kaunta, karani anaona kila kitu kiko sawa, mgongano unatokea kwenye sava wakati wa kupandisha data na pengine mzigo wenyewe umeshashuka Mkoani. UUID v4 ina biti 122 za bahati nasibu, haikumbuki ilikohesabu mwisho, kwa hiyo nakala ya zamani haiisumbui.

Kijana alisoma akanyamaza kidogo, akanambia "kumbe hili la nakala mimi nisingelifikiria". Nami nikamwambia angelifikiria, lakini baada ya kuipeleka kaunta.

Sasa kuna kitu nilikigundua nikiisoma tena ile rekodi pembeni yake. Kipande cha mazingira kilikuwa kifupi mno, mistari miwili. Na sababu yake naijua: siku ile kwenye meza sote tulikuwa wa hapa hapa. Watu waliokuwepo Unguja kuanzia Disemba 2009 mpaka Machi 2010, kisiwa kizima hakina umeme wa gridi miezi mitatu, hao huhitaji kuwaeleza kwa nini kaunta isitegemee sava, wanaanza kuchora mfumo wakiwa tayari wameshazima waya kichwani. Ikawa ndo jambo ambalo hakuna aliyeliandika kwa urefu, kwa vile kila mtu analijua. Ni kawaida ya rekodi hizi, kile ambacho chumba kizima kinakijua ndo kinachokosekana, na mtu mpya ndo asiyekuwa nacho. Siku hizi kabla ya kumeji rekodi nampa mtu asiyekuwepo kwenye mazungumzo aisome, akiuliza swali moja tu la "kwani kuna nini huko", jibu lake linaingia kwenye mazingira.

Hadithi haikuishia hapo lakini, maana kijana hakukubali yote, na alikuwa na haki. Kwenye matokeo tuliandika wazi kwamba v4 haina mpangilio: ukipanga mizigo kwa kitambulisho hupati ya mwanzo wala ya mwisho, na kwenye PostgreSQL kila kinachoingia kinaangukia sehemu tofauti ya indeksi. Kwa mizigo yetu hilo si kitu, boti ni boti, hatusajili mamilioni. Ila jedwali la hatua za mzigo (umepokelewa, umepanda, umeshuka, umechukuliwa) linakua haraka kuliko jedwali la mizigo yenyewe. Akaleta UUID v7, ambayo iliingia rasmi kwenye RFC 9562 Mei 2024, yaani wakati 0004 inaandikwa haikuwa chaguo la kuegemea. Biti 48 za mwanzo ni wakati kwa milisekunde, kwa hiyo zinajipanga zenyewe kwa muda, na bado inatengenezwa kaunta bila kumuuliza sava. Safu ile ile ya baiti 16, vitambulisho vya zamani vinabaki vilivyo, hakuna kuhamisha data.

Utaona alichofanya: sababu ya 0004 (kaunta lazima ijitegemee) bado ipo hai, kaiacha ilivyo. Kilichobadilika ni kwamba kuna chombo kipya, kakitumia. Bila rekodi angevunja vyote viwili, au angeogopa akaacha vyote viwili, na nimeona timu nyingi zinaishi na uamuzi uliokufa zamani kwa vile hakuna anayejua kama ni salama kuugusa.

Tulibishana sehemu moja tu. Karani wa Mkoani, tulipompigia simu kwa jambo jingine kabisa, alilalamika kwamba kompyuta yake ikizimwa usiku asubuhi inaamka na tarehe ya miaka ya nyuma. Betri ndogo ya ubaoni imekufa, hiyo tu. Lakini kwa v7 maana yake ni kwamba mzigo wa leo unazaliwa na kitambulisho cha zamani, unajipanga mbele ya wote. Hautagongana na mwingine, kwa sababu bado kuna biti 74 za kubahatisha baada ya wakati, ila mpangilio utakudanganya. Kwa hiyo rekodi yake mpya, 0011, kwenye matokeo ikaandikwa: usitumie kitambulisho kujua mzigo upi ulitangulia, tumia saa ya sava ulipopokelewa. Hili nililishikilia, maana najua kuna mtu siku moja ataandika `ORDER BY id` akafurahi inafanya kazi. (Betri tumemwagizia, lakini betri haiingii kwenye rekodi.)

Halafu kuna suala la 0004 yenyewe. Kijana alitaka kuifungua aandike v7 mahali pa v4 yaishe. Hapana yakhe, hiyo haifutwi wala hairekebishwi ndani, unabadilisha mstari wa hali tu: "Imebadilishwa kwa sehemu na 0011", na 0011 nayo inaitaja 0004. Ukirekebisha maandishi ya ndani utakuwa na uamuzi wa leo umevaa mazingira ya zamani, na mtu atakayekuta vitambulisho vya v4 kwenye databesi hatajua vimetoka wapi.

Kidogo tu kuhusu namba, maana hili linawashika wengi. Wiki ile ile, kwenye branchi yake, mwenzetu mwingine alikuwa anaandika rekodi ya mambo ya SMS, na yeye kaipa 0011. Git haikusema kitu, kwa vile majina ya mafaili ni tofauti, 0011-vitambulisho na 0011-sms, zinakaa pamoja bila mgogoro, na komenti ya kwenye kodi inayosema "angalia 0011" ikawa haijulikani inaelekeza wapi. Sasa tumeweka ukaguzi huu unaopita kabla ya kumeji:

```
ls docs/adr | cut -c1-4 | sort | uniq -d
```

Ikitoa chochote, pul rikwesti inakwama, na aliyechelewa ndo anayebadilisha namba. Ya SMS ikawa 0012. Hali yake bado ni "Imependekezwa", na nimemrudishia leo jioni kwa sababu kwenye njia alizoziacha kaandika moja tu, "kutofanya kitu", wakati mie najua kwa uchache walizungumza tatu, nilikuwepo.