Siku yangu moja ya kuandika barua ya wadhamini

Mimi ni meneja wa timu inayocheza ligi iliyo chini ya Ligi Kuu hapa Tanzania. Watu wakisikia meneja wanadhani napanga kikosi. Kikosi ni cha kocha. Mimi ni wa mabasi, vyumba vya kulala wageni, leseni za wachezaji na, ligi ikiisha, barua ya wadhamini. Barua hiyo lazima ifike mapema Juni, kabla kiwanda cha unga kinachotudhamini hakijafunga bajeti yake inayoanza Julai. Ukichelewa, fedha ya jezi inakuwa imeshaenda kwenye kalenda za ukutani.

Saa 1 asubuhi. Natoa kwenye faili barua tuliyowapa mwaka jana ligi ilipokuwa inaanza. Nasoma tuliahidi nini, neno kwa neno, maana mdhamini naye anayo nakala. Tuliandika kwamba tutamaliza ndani ya nafasi nne za juu, kwa kuwa mbili za kwanza hupanda moja kwa moja na ya tatu na ya nne huenda kwenye mchujo. Tumemaliza wa sita. Hiyo nataka iwe sentensi ya kwanza ya barua baada ya salamu: "Lengo lilikuwa nafasi nne za juu, tumemaliza nafasi ya sita kwa pointi 45." Viongozi wengi huificha ukurasa wa pili, nyuma ya maneno kama changamoto na mapambano. Mdhamini alishaona msimamo wa ligi kwenye simu yake, kwa hiyo anayefichwa hapo ni nani?

Saa 3. Mhasibu anakuja na bahasha za vishina vya tiketi na fomu za mapato ya mlangoni. Hapa ndipo kazi ilipo. Mechi za nyumbani zilikuwa 15, tiketi zilizouzwa zote 12,860. Ukigawanya unapata watazamaji 857 kwa mechi. Msimu uliopita tulikuwa na tiketi 8,100, yaani 540 kwa mechi. Mhasibu anatabasamu: ongezeko la karibu asilimia 60!

Namwomba tufungue bahasha moja moja. Mechi moja peke yake iliuza tiketi 3,900. Ni ile dhidi ya majirani zetu walioshuka kutoka Ligi Kuu, waliokuja na mabasi yao ya mashabiki. Msimu uliopita mechi hiyo haikuwepo, na msimu ujao haitakuwepo tena kwa sababu wamerudi juu. Halafu kuna mechi mbili tulizopelekwa mji mwingine uwanja wetu ulipofungiwa kwa ajili ya vyumba vya kubadilishia nguo. Huko tuliuza tiketi 320 kwa mechi zote mbili. Tukitoa hizo tatu, zinabaki mechi 12 na tiketi 8,640. Wastani wake ni 720.

Basi kwenye barua naandika 720 dhidi ya 540, ongezeko la theluthi moja, na chini yake mstari wa mechi kubwa na mstari wa mechi mbili za ugenini wa kulazimishwa. Meneja masoko wa kiwanda huja uwanjani Jumatano za kawaida. Anajua jukwaa la watu 700 linavyoonekana. Akisoma 857 atatilia shaka hata kurasa ambazo ni kweli tupu.

Jambo jingine ni kwamba tiketi si vichwa. Watoto wa shule huingia bure kipindi cha pili, na wenye kadi za mwaliko hawana kishina. Wao pia wanaliona bango. Lakini sikuwahesabu, kwa hiyo hawapati tarakimu, wanapata sentensi moja tu.

Saa 5. Picha za mabango. Mkataba unasema mabango manne ya kiwanda kuzunguka uwanja kila mechi ya nyumbani. Ninazo picha za mechi 13. Zile mbili za mji mwingine hatukuruhusiwa kuyafunga. Naandika hivyo, kisha napendekeza fidia: jina lao kifuani mwa jezi za vijana kwa mechi zote za kirafiki kabla ya ligi, bila malipo. Deni ukilitaja wewe kwanza, wewe ndiye unayelipangia namna ya kulilipa.

Saa 7 mchana. Chipsi mayai mezani, simu sikioni. Nampigia dada wa ofisi ya masoko nimuulize bosi wake ataangalia nini kwanza. "Kaka, msimamo hausomi," ananiambia. "Atauliza unga umeuzika?" Nakwenda kwa wakala wao wa jirani na uwanja. Daftari lake linaonyesha kwamba siku ya mechi mifuko ya kilo tano inafika 40, siku nyingine kama 25. Namwomba ayathibitishe yeye mwenyewe kiwandani. Mauzo yakisemwa na timu ni maombi, yakisemwa na wakala ni taarifa.

Saa 9. Sasa ombi. Walitupa milioni 40, tunaomba 46. Kwa nini sita zaidi? Jibu liko kwenye matokeo. Nyumbani tulichukua pointi 34, ugenini 11. Nikapekua daftari la safari. Kati ya safari 15, tano tulifika siku moja kabla na kulala. Tukashinda mbili, sare mbili, tukafungwa moja: pointi 8. Safari kumi zilizobaki tulishuka kwenye basi asubuhi ya mechi, miguu imevimba. Sare tatu, tumefungwa saba, hatukushinda hata moja.

Inavutia kuandika kwamba kitanda kinaleta pointi. Ila safari tatu kati ya zile tano zilikuwa kwa timu za mkiani, na hilo nalo naliandika. Mdhamini hahitaji uthibitisho wa kisayansi, anahitaji kuona fedha yake inaziba tundu gani. Safari moja ni watu 25 pamoja na dereva: vyumba 13 kwa shilingi 30,000 ni 390,000, chakula cha usiku 150,000, chai na maji 60,000. Jumla 600,000. Mara safari kumi, milioni sita kamili. Naomba zilipwe kwa awamu mbili, na risiti za vyumba ziambatane na ombi la awamu ya pili.

Saa 11 jioni. Katibu anakuja kutia sahihi. Ni mzee wetu, yuko klabuni tangu nikiwa kijana. Anasoma, anavua miwani.

"Mwanangu, hii 857 mbona umeikimbia? Ni yetu."

"Shikamoo mzee. Iko kwenye kiambatisho, na hesabu yake."

"Marahaba. Na hii nafasi ya sita, lazima ikae juu hivi?"

Namwonyesha barua ya mwaka jana, yenye sahihi yake chini ya nafasi nne za juu. Anacheka, anaomba tuongeze tu kwamba msimu uliopita tulimaliza wa kumi na moja. Hilo ni kweli, na lina uzito. Linaingia.

Saa 12. Kurasa mbili, viambatisho vitatu, muhuri wa klabu juu ya sahihi. Kichwa kinasomeka "YAH: Taarifa ya msimu na ombi la kuendeleza udhamini". Nakala moja inabaki kwenye faili, ile ile nitakayoifungua mwakani saa moja asubuhi. Nyingine nitaipeleka mwenyewe kesho kwa mkono, na kitabu cha kusainia wapokeaji, kwa sababu barua pepe ya mwaka juzi hadi leo kila mtu pale ofisini anasema haikumfikia.