Wataka nikufanyie nini?

Wandugu wapendwa wa shirika letu, juma hili nilikuwa karibu kumwomba mwingine aandike. Jumanne jioni mama mmoja wa shirika, jirani yangu, alinisimamisha kwenye ngazi za udongo zinazoshuka kutoka kwetu hapa Kadutu. Mvua ilikuwa imetoka kunyesha, kila mmoja ameshika viatu vyake mkononi. Akaniambia polepole, bila hasira: "Yaya, siku zile za kilio ulinifanyia vile wewe unapendaka. Mimi haukuniuliza."

Wengi wenu mlikuwepo. Mwaka jana, mwezi wa kumi na moja, mama huyo alifiwa na mtoto wa miezi mitatu. Mimi ndiye niliyewaita. Tuliimba pale kwake usiku tatu mfululizo, tukajaza nyumba mpaka watu wakakaa nje chini ya shitingi. Na siku ya nne, yeye akiwa amelala, nilikusanya nguo zote za mtoto, nikazikunja, nikazifunga katika kikwembe, nikampelekea mama mmoja wa Bagira aliyekuwa na mtoto mchanga. Kulikuwa na kofia ndogo ya uzi, ya njano, mama mwenyewe aliifuma kabla hajajifungua. Niliiweka juu kabisa ya furushi, maana ilikuwa nzuri.

Kwa nini nilifanya vile? Kwa sababu mama yangu mzazi alipokufa, nyimbo zenu ndizo zilizonibeba. Kunyamaza kungeniua. Na nguo zake ukutani zilikuwa zinanichoma macho, nikamshukuru sana dada yangu alipozitoa bila kuniuliza. Basi nikatii Injili: "Basi yo yote myatakayo mtendewe na watu, nanyi watendeeni vivyo hivyo, maana hiyo ndiyo torati na manabii." Mathayo saba, mstari wa kumi na mbili. Niliutii neno kwa neno. Na nikamwumiza mtu.

Usiku ule wa Jumanne sikulala. Nilifungua kitabu cha Tobiti, sura ya nne, pale mzee anapomuusia mwanawe Tobia: lile unalolichukia, usimfanyie mtu yeyote. Nikajiambia, labda njia hii ya kukataza ni salama kuliko ile ya kuamuru. Ndiyo njia ya Hileli pia, yule rabi wa Wayahudi aliyeishi muda mfupi kabla ya Bwana wetu. Mpagani mmoja alimwendea akamwambia: nifundishe Torati yote nikiwa nimesimama kwa mguu mmoja. Hileli hakumfukuza. Alimjibu kwamba linalokuchukiza wewe usimfanyie mwenzako, hiyo ndiyo Torati yote, mengine ni maelezo, nenda ukajifunze. (Watu wanapenda kutaja mguu mmoja, wanasahau "nenda ukajifunze". Kumbe kazi yote iko pale.)

Na jirani zetu Waislamu wanayo. Katika hadithi iliyopokewa kutoka kwa Anas, ambayo wakusanyaji wa hadithi, Bukhari na Muslim, wote wawili wameiandika, Mtume wao anasema hakuna kati yenu aliyeamini mpaka ampendee ndugu yake kile anachokipenda kwa nafsi yake. Wachina walikuwa nayo miaka karibu mia tano kabla ya Kristo, kwa mwalimu wao Konfusio. Mwaka 1993 viongozi wa dini nyingi walikutana Chikago, na katika tamko lao la maadili waliiweka kanuni hii kama jambo ambalo wote wanakubaliana. Mimi sioni haya kusema kwamba Mungu hakutunyima sisi wala hakuwanyima wengine.

Lakini nilipozipanga zote pamoja, njia ya kuamuru na njia ya kukataza, niliona hakuna hata moja ambayo ingenizuia siku ile. Tobiti ananiambia nisifanye ninachokichukia. Mimi sichukii nyimbo! Hadithi ya Waislamu inaniambia nimpendee ninachojipendea. Nilimpendea. Zote zinaanzia mahali pamoja: ndani yangu. Mimi ndiye kipimo.

Nyinyi mnajua kazi yangu ni cherehani. Mteja akiingia, sipimi mabega yangu mimi ili nikate nguo yake. Hata kama ni dada yangu wa tumbo moja, namwambia simama, inua mikono, napima bega, kifua, kiuno, naandika. Kitambaa kikishakatwa hakirudi. Lakini kwa huzuni ya mtu nilikata bila kupima, na kitambaa hakikuwa changu.

Mithali ilikuwa imeshaniambia. Sura ya ishirini na tano, mstari wa ishirini: anayemwimbia nyimbo mtu mwenye moyo mzito ni kama anayemvua mtu nguo siku ya baridi, ni kama siki juu ya magadi. Sisi wa Bukavu tunajua baridi ya asubuhi mwezi wa sita, hatuhitaji kuelezwa. Na sura ya ishirini na saba inasema habari ya mtu anayeamka alfajiri kumbariki rafiki yake kwa sauti kubwa: itahesabiwa kwake kuwa laana. Baraka, wandugu, si tusi! Kitu kizuri, kwa sauti isiyofaa, saa isiyofaa. Nimesoma mistari hiyo miaka mingi nikidhani inamsema mtu mwingine.

Kuna upungufu mwingine ambao nitaupita haraka, maana si huo uliolala na mimi juma hili. Mtu anaweza kutaka jambo baya, au jambo linalomwumiza wa tatu. Kwenye likelemba yetu, anayeshindwa kuleta pesa yake humwambia mtunza sanduku: "Ungekuwa wewe, ungependa uachiliwe." Ni kweli, angependa. Lakini yule ambaye zamu yake imefika, na watoto wamefukuzwa shuleni kwa minervali, yeye hakutajwa. Mwanafalsafa Kanti aliandika mwaka 1785 kwamba mhalifu angeweza kumgeuzia hakimu neno hilo hilo. Na Augustino mtakatifu anasema katika kitabu chake Mji wa Mungu kwamba wafasiri wengine wa Kilatini waliongeza neno "mema" katika mstari ule, ili mtu asidhani anaruhusiwa kutaka lolote, ingawa Kigiriki hakina neno hilo. Basi hata wazee wa imani waliona mlango umebaki wazi.

Nirudi kwenye kidonda changu. Konfusio alikuwa na mwanafunzi, Zigong, aliyemwambia siku moja: yale nisiyotaka watu wanifanyie, mimi nami sitaki kuwafanyia wengine. Mwalimu akamjibu: wewe hujafika hapo bado. Nilicheka niliposoma, kisha nikanyamaza. Nimeongoza shirika hili miaka kumi na moja. Hujafika hapo bado, Yaya.

Na sasa niseme nanyi kwa ukali kidogo, maana najua siko peke yangu. Sisi watu wa sala tuna ugonjwa wa kujua. Tunaingia kwa mgonjwa tukijua atakula nini. Tunaingia kwa mjane tukijua avae nini, mwaka gani aolewe tena, shamba amwachie nani. Waliokimbia vita wanafika kwetu na magodoro kichwani, tunawapa bugali na sombe, ni vizuri, halafu tunashangaa kwamba mmoja anauliza mahali pa kuchaji simu kabla ya kula. Tunasema: hana shukrani. Ana mtoto aliyepotea njiani, wapendwa! Simu ndiyo chakula chake siku ile. Kitabu cha Kutoka, sura ya ishirini na tatu, hakiwaambii Waisraeli tu wamtendee mgeni vema. Kinawaambia mnaujua moyo wa mgeni, maana mlikuwa wageni Misri. Moyo wake, si tumbo lake peke yake. Hata hivyo aliyewahi kukimbia naye aangalie: kukimbia kwako si kukimbia kwake. Mimi niliwahi kufiwa, na ni kule kufiwa kwangu kulikonidanganya.

Mtazameni Bwana wetu pale Yeriko, Marko sura ya kumi. Bartimayo ni kipofu, anaomba kando ya njia, anapiga kelele. Umati unamwambia anyamaze. Kila mtu anaona anachokosa, hata mtoto angesema: macho. Na Bwana, ambaye anajua yaliyo moyoni mwa mtu, anasimama, anamwita, halafu anamwuliza: "Wataka nikufanyie nini?" Juma hili nimekaa na swali hilo kama mtu aliyekaa na mgeni. Kama yeye aliyejua aliuliza, mimi nisiyejua nilipata wapi haraka ile?

Wala sidhani kwamba swali hilo linaiondoa amri ya Mathayo. Nikijiuliza vizuri zaidi, ninachotaka mimi nitendewe si nyimbo. Ninachotaka ni mtu anitazame mimi, asijitazame yeye. Dada yangu alitoa nguo za mama kwa sababu ananijua tangu utoto. Ilikuwa kama ameshaniuliza. Nikiichukua amri hivyo, inanipeleka moja kwa moja mlangoni kwa jirani, na swali mdomoni.

Ila swali lenyewe lina ufundi wake. Kwetu hapa ukimwuliza mfiwa "unahitaji nini?" atakujibu "niko sawa, Mungu yuko", mara tatu. Ni adabu, na pia hana nguvu ya kufikiri. Swali likiwa kubwa, unamtwika mzigo wa kukupangia kazi. Uliza dogo linalojibika kwa neno moja: watu waje leo au wasije? Nguo za mtoto ziguswe au zikae? Na mtazame mikono yake, si mdomo peke yake. Mama yule, usiku wa pili tulipoimba, alikuwa amekaa na mto amejifunika nao masikio. Niliona. Nikadhani ni uchungu, nikapandisha wimbo.

Jumatano nilirudi kwake nikamwomba msamaha. Kisha nikamwuliza: Alhamisi nije au nisije? Akasema njoo, usilete watu. Nikauliza nilete nini. Akafikiri, akasema maharage yangu yana mawe mengi.

Alhamisi tulikaa mlangoni, lungo katikati yetu, tukachambua maharage karibu saa mbili. Hatukusali kwa sauti. Karibu na mwisho alitaja jina la mtoto mara moja, akaendelea kuchambua.

Kuna neno sijamwambia. Ijumaa nilipanda Bagira kutafuta zile nguo. Nyingi zimeshachakaa au zimegawiwa, lakini kofia ya njano ipo. Mtoto wa pale anaivaa, imembana kidogo, na mama yake anaipenda sana. Alinionyesha akicheka, hajui ilitoka wapi. Sikuomba chochote. Alhamisi ijayo, kabla ya kugusa maharage, nitamwuliza jirani yangu kama anataka kujua ilipo.