Sakara hadi Fustat: jinsi mfalme mfu alivyopandishwa mbinguni

Wengi wakitua Kairo hukimbilia Giza. Mimi nilianzia Sakara, kilomita kama 30 kusini mwa jiji, kwa kuwa piramidi zilianzia huko. Giza unaona kazi iliyokwisha kukamilika. Sakara unawaona watu wakijaribu.

Mwenzangu alikuwa kijana wa Unguja anayesoma Al-Azhar, rafiki wa mdogo wangu. Kiarabu chake ndicho kilichotuokoa kwa dereva na kwa walinzi wote wa makaburi, ambao kila mmoja ana kitu cha "siri" anachotaka kukuonyesha kwa bakshishi. Kushoto mwa barabara kulikuwa na mfereji, mitende na mashamba. Kisha gari likakunja kulia, likapanda kidogo, na kijani kikakatika papo hapo. Zaidi ya pale ni mchanga mtupu. Mpaka ule ndio ulioamua wafu wazikwe wapi: chini ni ardhi ya kilimo ambayo mto uliifurikia kila mwaka, huku juu ni pakavu, tena ni magharibi, upande jua linakozama.

Piramidi ya ngazi ya Djoser, mfalme aliyetawala miaka ya 2650 KK hivi, imezungukwa na ukuta wa mawe ya chokaa wenye urefu wa mita kumi na kitu kwenda juu. Ukuta huo una malango 15, na 14 kati yake ni ya kuchonga tu. Kijana wa Unguja alilipiga kofi moja, akacheka: "Kaka, huku haingii mtu." Lango la kweli ni moja, jembamba, pembeni. Ukishapita ukumbi wa nguzo unatokea kwenye uwanja mkubwa, piramidi iko mbele yako, na hapo kitu cha kwanza cha kutazama si piramidi. Tazama chini. Katikati ya uwanja kuna vijiwe vya mpaka, na mfalme alikuwa akikimbia kati yake katika sherehe ya kuonyesha kwamba bado ana nguvu za kushika nchi. Kwa desturi sherehe hiyo ilifanywa baada ya miaka 30 ya utawala. Pembeni kuna safu ya majengo ya sherehe hiyohiyo, na ukichungulia unakuta hayana vyumba: yamejazwa kifusi, yana uso wa mbele tu. Hayakujengwa yatumiwe na watu walio hai. Djoser alijengewa uwanja wa mawe ili akimbie humo milele na ufalme wake usichakae.

Na piramidi yenyewe? Kabla yake mkubwa akifa alijengewa kaburi bapa la matofali ya udongo juu ya shimo. La Djoser nalo lilianza hivyo, ila kwa mawe. Nenda kwenye kona ya kusini mashariki, mahali mawe ya nje yalipobomoka, utaona mstari wa lile kaburi bapa la kwanza likiwa limemezwa ndani ya jengo. Wakaliongeza upande, kisha wakapandisha tabaka juu ya tabaka mpaka zikatimia sita na kimo kikafika mita 60. Kazi hii inahesabiwa kuwa ya Imhotep, mkubwa wa serikali ya Djoser, ambaye baadaye Wamisri walimwabudu kama mungu. Walichokuwa wakitengeneza ni ngazi, na hilo si kisio la watalii, kwani maandishi ya karne zilizofuata yanasema wazi kwamba mfalme anawekewa ngazi apande mbinguni. Pande laini za piramidi za Giza zilikuja baadaye kidogo, na wataalamu wengi wanazihusisha na miali ya jua inayoteremka na kilima cha kwanza kilichojitokeza majini dunia ilipoanza.

Upande wa kaskazini wa Djoser kuna kisanduku cha mawe kilichoinama kidogo kuelekea nyuma, chenye matundu mawili. Niliweka jicho kwenye tundu moja nikakutana uso kwa uso na mfalme aliyeketi. Ile ni nakala, sanamu ya asili iko kwenye jumba la makumbusho la Tahrir, lakini hata hivyo nilirudi nyuma hatua moja. Yule mtu haangalii wageni. Anaangalia zile nyota za kaskazini ambazo hazizami usiku wowote, na milango ya piramidi nyingi za mwanzo imefunguliwa upande huohuo. Mfalme alitarajia kuhesabiwa miongoni mwa nyota zisizokufa.

Nje ya ukuta wa Djoser, upande wa kusini, kuna kichuguu cha mawe ambacho ungekipita bila kukitazama. Ni piramidi ya Unas, ya miaka ya 2350 KK, iliyokuwa na kimo cha mita 43 ikiwa nzima. Ile ya Khufu kule Giza ilikuwa na 146. Kwa nje ni hasara ya macho. Ndani nilishuka nimejikunja, kichwa kikikwangua dari, na nilipoweza kusimama wima nilikuwa katikati ya maandishi. Kuta zimejaa safu za alama zilizochongwa na kutiwa rangi ya buluu, na dari lina nyota tupu. Haya ndiyo maandishi ya dini ya kale zaidi ya namna hii tuliyonayo, na piramidi hii ilifunguliwa na Mfaransa Gaston Maspero, mtaalamu wa Misri ya kale, mwaka 1881. Mstari mmoja unamwambia marehemu: Ee Unas, hukuondoka ukiwa mfu, umeondoka ukiwa hai. Mingine inamwita Osiris.

Jina hilo ndilo lililonifungulia mambo. Osiris ni mfalme aliyeuawa na ndugu yake Seth, mwili ukakusanywa na kufungwa sanda na mkewe Isis, akawa mtawala wa wafu. Mwanawe Horus akarithi kiti. Farao aliye hai ni Horus, akifa anakuwa Osiris, na anayemzika anakuwa Horus mpya. Kwa hiyo mazishi yalikuwa sehemu ya kurithishana utawala. Katika kaburi la Tutankhamun kule Luxor kuna picha ya Ay, mzee ambaye hakuwa mwanawe, akiwa amevaa taji na kushika chombo cha kuufungua mdomo wa maiti ili iweze kula na kusema tena. Ay alichorwa pale ili kila mtu, na miungu, waone nani amezika, basi nani ni mrithi. Mimi naona hapo ndipo jasho lote lile la mawe linapopata maelezo: nchi ilikuwa inajenga daraja la kuvukia kutoka mfalme mmoja kwenda mwingine.

Lakini Osiris lazima awe na mwili. Karibu na piramidi ya Unas kikundi cha marehemu Ramadan Hussein kilifukua karakana ya watayarishaji wa maiti, ya kama karne ya 6 au 7 KK, ikiwa na vyungu vilivyoandikwa maelekezo. Kimoja kinasema hiki ni cha kuweka kichwani. Mabaki yaliyopimwa, na majibu kuchapishwa mwaka 2023, yalionyesha mafuta ya mierezi, nta ya nyuki, mafuta ya wanyama, pamoja na utomvu wa miti inayoota Asia ya kusini mashariki. Biashara ya mbali kiasi hicho, kwa ajili ya maiti.

Kesho yake tulikwenda jumba la makumbusho la Fustat, hapohapo Kairo, ambamo maiti 22 za wafalme na malkia zilihamishiwa Aprili 2021. Kupiga picha marufuku, na taa ni hafifu. Kazi ilivyofanywa katika enzi zao ni hivi. Ubongo ulitolewa kwa kulabu kupitia puani. Ubavu wa kushoto ulipasuliwa, yakatolewa mapafu, ini, tumbo na utumbo, na kila kimoja kikahifadhiwa peke yake. Moyo uliachwa, maana ndio uliofikiri na ndio utakaopimwa kwenye mizani ya akhera. Kisha mwili ulifukiwa ndani ya magadi makavu kwa siku 40 hivi, magadi ya jamii ileile tunayotia kwenye maharage, yakiletwa kutoka Wadi Natrun. Magadi hunyonya maji na kuyeyusha mafuta, na bakteria hawaishi pasipo maji. Baadaye ulipakwa utomvu na kuzungushiwa kitani. Jumla, kwa desturi, siku 70. Enzi ya Djoser na Unas ufundi huu ulikuwa bado mchanga, na miili ya wakati ule imebaki vipande.

Ramses wa Pili amelala na pua yake kubwa, ambayo haikubonyea kwa sababu waliijaza punje za pilipili manga, zao la India. Lakini aliyenisimamisha zaidi ni Seqenenre. Huyu alikufa karibu mwaka 1555 KK katika vita na Wahiksosi, wageni waliotawala kaskazini mwa Misri, na fuvu lake lina matundu ya shoka juu ya paji na jeraha shavuni. Mwili umeharibika vibaya kuliko ya jirani zake: magadi hayarudishi kilichokwisha kuoza, na huyu alifikishwa kwa watayarishaji amechelewa. Uchunguzi wa eksirei uliotangazwa mwaka 2021 ulionyesha kwamba walijaribu kuyaziba majeraha yake. Mfalme aliyeshindwa vitani alitengenezwa sura, ndipo awe Osiris. "Firauni tunayemsikia madrasa," alininong'oneza yule kijana, "sikumfikiria hivi." Nami sikumfikiria.

Wengi wa wafalme hawa wa Fustat hawana piramidi. Kufikia wakati wao piramidi zilikuwa zimeshaibiwa, na jengo la mita mia ni tangazo kwa mwizi. Walichimbiwa mapango bondeni Luxor, wakaibiwa vilevile, mpaka makuhani wakawafunga sanda upya na kuwaficha pamoja.

Jioni tulikunywa chai kwa mama mmoja wa Kisudani, aliyekimbia vita vya nchini kwake. Aliposikia tulikotoka alimuuliza kijana kama tumeona piramidi za kwao Karima. Swali la haki kabisa. Wafalme wa Kushi, dola ya kale ya Sudani, walianza kujenga piramidi karne nyingi baada ya wafalme wa Misri kuziacha, na leo Sudani ina nyingi kuliko Misri, ndogo na zenye mwinuko mkali. Piye, aliyeiteka Misri karne ya 8 KK, hakuzikwa huko. Alirudi El-Kurru, jirani na Karima, akajengewa piramidi, na farasi wake wakazikwa karibu wakiwa wamesimama. Chumba cha kaburi kina jukwaa la jiwe lililokatwa kwenye pembe ili miguu ya kitanda iingie, kwa kuwa Wakushi tangu zamani walimlaza mfalme wao kitandani. Walichukua piramidi na Osiris, kitanda wakakibakiza. Piramidi waliendelea kuzijenga Nuri, kisha Meroe, hadi karne ya 4 BK.

Mama yule alisema Nuri maji yamepanda makaburini. Ni kweli: mwaka 2019 wanaakiolojia waliingia kaburi la mfalme Nastasen kwa kuzamia, wakivuta hewa kwa mpira kutoka juu.