Barua yangu ya ruhusa ya masomo ilirudishwa na neno moja pembeni

Barua yangu ya kwanza ya kuomba ruhusa ya masomo ilikuwa na aya tatu, na tegemeo langu lote lilikuwa kwenye ile ya tatu. Niliandika hivi: "Naahidi kwamba nikihitimu nitarejea kazini na kutumia ujuzi nitakaoupata kwa manufaa ya taasisi." Baada ya siku nne barua ikarudi mezani kwangu. Mkuu wa maabara alikuwa amepiga mstari wa peni nyekundu chini ya "kutumia ujuzi", na pembeni ameandika neno moja: "Wapi?"

Siku ile nilinuna. Niliona ananitafutia sababu. Jioni, nikiwa peke yangu maabara, nikaisoma tena barua kana kwamba imeandikwa na mtu mwingine, nikakubali kimoyomoyo kwamba hata mimi nisingempa mtu miezi tisa kwa maneno yale. Ahadi ile angeweza kuiandika mtu anayekwenda kusomea chochote, na ingetimia au isitimie bila yeyote kujua.

Mimi ni mtaalamu wa maabara ya hospitali. Kozi niliyoitaka ilikuwa ya cheti cha matengenezo ya vifaa tiba, miezi tisa, chuoni muda wote. Sababu yangu ilikuwa imekaa pembeni ya sinki kwa muda mrefu: sentrifuji, ile mashine ya kuzungushia mirija ya damu, iliyofunikwa kitambaa ikimsubiri fundi wa nje. Fundi alipofika hatimaye, alifungua kifuniko cha mota, akachomoa vipande viwili vya makaa vilivyokuwa vimelika hadi kubaki vifupi kama punje ya mahindi, akaweka vipya, akafagia vumbi jeusi, akaiwasha. Hakumaliza hata nusu saa. Nilisimama pale nikijiuliza tumepeleka sampuli ngapi maabara ya jirani kwa ajili ya vipande viwili vya makaa.

Kisa hicho sikukiandika kwenye barua ya kwanza. Nilidhani barua rasmi haitaki visa.

Basi nikachukua daftari la vifaa, lile tunaloandika kila mashine inapogoma, nikahesabu mwaka mzima. Matukio yalikuwa 31. Nikayapanga upya pembeni ya muhtasari wa kozi kutoka chuoni, somo kwa somo, nikijiuliza kwa kila tukio: hili ningefundishwa kulirekebisha? Matukio 19 yalikuwa mambo madogo. Makaa ya mota, fyuzi, taa ya hadubini, ukungu kwenye lenzi, gasketi ya mlango wa otoklevu, ile mashine ya kuua vijidudu kwa mvuke, iliyokakamaa ikawa inavujisha mvuke hadi joto halifiki nyuzi 121 zinazotakiwa. Yaliyobaki yalihitaji vipuri vya kiwandani au mtu aliyefundishwa na mtengenezaji, na hayo niliyaacha nje ya ahadi. Nadhani kuyaacha nje ndiko kulikonisaidia zaidi, maana mkuu alipokuwa akisoma orodha aliona nimejiwekea mpaka mwenyewe.

Aya ya tatu ya barua ya pili ikawa hivi: "Nitakaporejea, ndani ya mwezi wa kwanza nitakagua vifaa vyote 14 vya maabara na kukabidhi taarifa ya hali ya kila kimoja. Ndani ya miezi mitatu nitaweka ratiba ya matengenezo kinga kwa sentrifuji, hadubini na otoklevu, na kila kazi itaandikwa kwenye daftari na kutiwa saini na msimamizi wa zamu. Ndani ya miezi sita nitawafundisha wenzangu wawili usafishaji wa lenzi, ubadilishaji wa makaa na ukaguzi wa gasketi." Ilikuwa kavu, lakini kila sentensi ina siku na ina kitu ambacho mtu anaweza kuja kukiuliza.

Mkuu alinihoji jambo moja tu ambalo sikulitarajia. "Zamu zako za usiku atafanya nani?" Ahadi ya kurudi haijibu swali hilo hata kidogo. Mkubwa anayebaki na pengo anaumwa na miezi tisa ya sasa kuliko faida ya mwakani. Nilirudi kwa wenzangu, tukakaa na rosta. Wawili walikubali kugawana zamu zangu kwa sharti kwamba likizo zao za mwaka zisiguswe, na hilo likaandikwa na kutiwa saini kama kiambatisho. Nikaongeza pendekezo lililotoka kwa mwalimu wa chuo mwenyewe: mafunzo kwa vitendo ya wiki sita niyafanyie katika maabara yetu badala ya kwingine. Chuo kilikubali mradi kuwe na msimamizi. Kwa hiyo hospitali ingeanza kuona kazi kabla hata sijahitimu. Hapo mkuu aliweka saini, barua ikapanda kwa afisa rasilimali watu.

Huko ndiko nilikokutana na hati ya ahadi yenyewe, fomu ya ukurasa mmoja iliyokuwa tayari imechapwa. Nilikuwa na haraka ya kuanza masomo, na watu kadhaa waliniambia nisaini tu, kila mtu amesaini. Naishukuru nafsi yangu kwa kuomba siku mbili za kuisoma.

Fomu ilisema nikihitimu nitatumikia miezi 18, yaani mara mbili ya muda wa masomo. Hilo niliona ni sawa. Ila sentensi iliyofuata ilisema nikiondoka kabla ya muda huo nitarejesha "gharama zote". Maana yake, anayeondoka wiki moja baada ya kurudi na anayeondoka amebakiza wiki moja wanadaiwa sawasawa. Niliomba iandikwe kwamba deni litapungua kwa kila mwezi ninaotumikia: miezi iliyobaki igawanywe kwa 18, jibu lizidishwe kwa gharama. Nikiondoka baada ya miezi 12 nimebakiza sita, basi nadaiwa theluthi. Afisa alifanya hesabu mwenyewe kwenye karatasi chakavu, akasema haoni ubaya. Ilibadilishwa siku hiyohiyo. Nimeshangaa mpaka leo kwamba hakuna aliyewahi kuuliza kabla yangu.

Nikauliza pia "gharama" ni nini hasa. Ada ilieleweka. Mshahara je? Tulikuwa tumekubaliana nilipwe nusu mshahara nikiwa masomoni. Mimi nilitaka deni lihesabiwe kwa kile kinachoingia mkononi mwangu baada ya makato. Yeye akashikilia kwamba taasisi imetoa fedha yote, pamoja na makato, na yote ihesabiwe. Hapo nilishindwa. Niliandika tu pembeni jinsi hesabu itakavyofanywa, tukatia saini wote wawili, ili asije mwingine akaielewa vingine.

Jambo la tatu lilikuwa siku ya kuanza kuhesabu. Fomu ilisema miezi 18 inaanza "baada ya kuhitimu". Cheti chuoni kinaweza kuchelewa miezi mingi baada ya mtihani wa mwisho, na mtu yuko kazini tayari. Tukabadilisha iwe tangu siku ya kuripoti, kwa barua iliyogongwa muhuri wa kupokelewa. Tuliongeza vilevile kwamba nikiachishwa kazi na mwajiri bila kosa langu sidaiwi kitu, na nikifeli somo nitarudi kazini kwa tarehe ileile na kurudia mtihani kwa muda wangu mwenyewe.

Ombi langu la mwisho ndilo lililozua mjadala. Fomu nzima ilinifunga mimi. Ilisema nitatumia ujuzi, lakini haikusema kuna mtu atakayeniruhusu kuutumia. Nilikuwa nimemwona mwenzetu wa idara nyingine akirudi na cheti chake, akapangwa palepale alipokuwa, zamu zilezile, hadi alichojifunza kikapotea. Nikaomba sentensi moja: mwajiri atanipangia angalau siku moja kwa wiki ya kazi za matengenezo, pamoja na seti ya vifaa vya msingi. Afisa alisema hati ya ahadi ni ya mtumishi, si ya taasisi. Nikamjibu, "Mzee, nikiulizwa kwa nini sijatimiza na jibu ni kwamba sikupewa muda wala bisibisi, nani atakuwa amevunja?" Alicheka kidogo, akaondoka na karatasi kwenda kwa mkurugenzi. Ilirudi na "siku moja kwa wiki, kadiri zamu zitakavyoruhusu". Maneno hayo ya mwisho hayakunifurahisha, lakini nilisaini. Mdhamini wangu, binamu yangu aliyenisomesha kidogo zamani, alisaini chini yangu baada ya kusoma kila mstari kwa sauti.

Masomo yenyewe yalikwenda. Nilirudi Jumatatu, nikaripoti kwa barua, nikagongewa muhuri, nikabaki na nakala. Wiki ya kwanza nikapangwa zamu za usiku tano mfululizo.

Nilimwendea mkuu na hati yangu bila kelele, nikamwonyesha sentensi ile. Alijibu kweli: mmoja wa waliokuwa wakinishikia zamu alikuwa mgonjwa. "Kadiri zamu zitakavyoruhusu" ilikuwa imeanza kazi. Tukakubaliana ukaguzi wa vifaa 14 niufanye saa za alfajiri ambapo sampuli ni chache, na Alhamisi iwe siku ya matengenezo kuanzia mwezi wa pili. Taarifa ya hali ya vifaa niliikabidhi kwa kuchelewa siku tisa, nikiwa nimeandika sababu juu yake ili isije kuhesabiwa kama kuvunja ahadi.

Ratiba ilikaa sawa. Kufundisha wenzangu kulikwama, maana mmoja alihamishwa akiwa amejifunza lenzi tu, nikaanza upya na mwingine. Hati haikusema lolote kuhusu hilo; ningekuwa naiandika leo ningesema "watumishi wawili waliopo maabara wakati huo".

Miezi 18 ilipotimia hakuna aliyenikumbusha. Deni la namna hii halijifuti lenyewe kwenye jalada, hukaa pale mpaka mtu aombe barua ya kuthibitisha kwamba utumishi wa ahadi umekamilika. Niliandika nikiambatisha nakala ya barua ya kuripoti na kurasa za daftari la vifaa zenye saini za wasimamizi. Ilichukua ukumbusho mara mbili. Ilipotoka, binamu yangu aliomba nakala yake kabla sijaisoma mwenyewe.